Skana ya bluutuu na simu ya dukani: maswali ya wanaohesabu stoki

Skana ndogo za mkononi zimejaa maduka ya vifaa vya elektroniki pale Luthuli Avenue, na wenye maduka wengi wa Eastlands huinunua siku moja kabla ya kuhesabu stoki. Kesho yake inalia vizuri, taa inawaka, na simu haioni chochote. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa kila ninapoitwa duka kuiweka sawa. Nimeyajibu kwa mtu mwenye simu ya Android, jedwali la Google Sheets, na duka la rafu chache lenye stoo ndogo nyuma.

Je, lazima nilipie programu maalumu ya stoki?

Hapana. Kwa kuhesabu tu, skana na jedwali vinatosha, ukishaelewa skana inafanya nini.

Skana za aina hii zina njia zaidi ya moja ya kuzungumza na simu. Katika njia iitwayo `HID`, skana inajitambulisha kwa simu kama kibodi. Ukisoma msimbopau wa sabuni, simu inapokea tarakimu 13 kana kwamba umeziandika kwa vidole, kisha inabonyezwa `Enter`. Skana haijui sabuni, haijui bei, wala haijui duka lako. Inaandika tu pale kishale kilipo. Shika hilo moja na matatizo mengi yaliyo hapa chini utayatambua mwenyewe.

Njia ya pili inaitwa `SPP`. Hiyo haiandiki popote bila programu iliyotengenezwa kuipokea, na kwenye aifoni skana za kawaida za `SPP` hazifanyi kazi kabisa. Skana nyingi pia huja na kijiti cha yu-es-bi cha kuchomeka kwenye kompyuta, na zikitoka kwenye boksi husikiliza kijiti hicho, si simu. Ndiyo maana watu wanabonyeza kitufe mchana kutwa na simu haipati kitu.

Naioanishaje basi, hatua kwa hatua?

Kwanza ichaji mpaka ijae. Skana yenye chaji kidogo inaweza kuoana na simu halafu ikakatika baada ya dakika chache, ukadhani kosa liko kwenye simu.

Toa kile kikaratasi au kijitabu kilichokuja nayo. Ndani kuna misimbopau ya mipangilio, na skana hupangwa kwa kuisoma hiyo. Soma ule ulioandikwa `Bluetooth HID`, kisha ule wa kuoanisha, ambao mara nyingi umeandikwa `Pairing`. Baadhi ya skana huingia kwenye hali ya kuoana ukishikilia kitufe kwa sekunde kadhaa. Kijitabu chako kitasema. Taa ya buluu ikianza kupepesa haraka, skana iko tayari kutafutwa.

Funika misimbo mingine kwa mkono unaposoma mmoja. Kwenye kijitabu huwa imebanana, na skana ikidaka wa jirani unaweza kubadilisha lugha ya kibodi bila kujua. Usitumie pia kijitabu cha skana ya jirani yako, kwa sababu msimbo uleule unaweza kumaanisha kitu kingine kwenye modeli nyingine. Ukipotea njiani, soma ule wa `Factory default` kisha anza upya. Na kipige kijitabu picha leo hii, maana ndicho cha kwanza kupotea dukani.

Kwenye simu fungua `Settings`, kisha `Connected devices`, kisha `Pair new device`. Skana itajitokeza kwa namba ya modeli au jina lenye neno `Barcode` au `Scanner`. Iguse, kubali, na usubiri taa itulie. Ukiulizwa namba ya siri, skana nyingi za zamani hutumia `0000` au `1234`.

Sasa usikimbilie jedwali. Fungua programu yoyote ya kuandikia maelezo, gusa ukurasa ili kishale kionekane, kisha soma pakiti mbili tatu. Kila namba ikitokea kwenye mstari wake, kazi imekwisha. Zikijipanga zote kwenye mstari mmoja, skana haitumi `Enter`, na kwenye kijitabu kuna msimbo wa kuongeza hiyo mwishoni, ulioandikwa `Add CR` au `Enter`.

Simu inasema zimeoana lakini hakuna kinachoandikwa. Kwa nini?

Angalia neno lililo chini ya jina la skana. Likiwa `Connected`, gusa alama ya gia iliyo kando ya jina na uone kama kuna swichi ya `Input device`. Ikiwapo na imewashwa, simu imeikubali skana kama kibodi, na tatizo ni kwamba hujagusa mahali pa kuandika. Kama hakuna swichi hiyo, au skana inaonekana kwenye orodha ya vifaa vilivyohifadhiwa lakini haifiki kwenye `Connected`, karibu kila mara iko kwenye `SPP`. Gusa `Forget`, soma msimbo wa `Bluetooth HID` upya, uoanishe tena.

Sababu nyingine ya kawaida ni skana kurudi kwa mwenyewe wa zamani. Kama jana uliijaribu na simu ya kijana wa dukani, leo akipita karibu bluutuu yake ikiwa imewashwa, skana inaweza kumkimbilia yeye. Simu yake nayo iambiwe `Forget`.

Nikiunganisha skana, kibodi ya simu inapotea. Nitaandikaje idadi?

Simu imeona kibodi ya kweli imefika, ikaondoa ile ya kioo. Fungua `Settings`, `System`, `Languages & input` au `Keyboard`, `Physical keyboard`, kisha washa swichi ya kuonyesha kibodi ya kioo, kwa kawaida `Show on-screen keyboard` au `Use on-screen keyboard`. Kwenye Samsung anzia `General management`. Wenye aifoni wajaribu kubonyeza kitufe cha skana mara mbili haraka. Skana nyingi huirudisha kibodi hivyo, na zisizofanya hivyo huwa na msimbo wake kwenye kijitabu.

Jedwali nilipangeje?

Fungua faili moja lenye kurasa tatu, uzipe majina `Rafu`, `Stoo` na `Jumla`. Kabla ya kusoma hata pakiti moja, chagua safu A katika kila ukurasa na uifanye iwe maandishi: kwenye kompyuta ni `Format`, `Number`, `Plain text`. Ukipuuza hatua hii, bidhaa ambayo namba yake inaanza na sifuri itapoteza sifuri hiyo, na ukija kulifungua faili kwenye Excel utakuta namba ndefu zimegeuka kuwa vitu kama `6.16E+12`.

Ukurasa wa `Jumla` ndio orodha ya duka lako. Jioni ya kabla ya hesabu, pita rafuni usome kila aina mara moja tu kwenye safu A, kisha uandike jina lake kwenye safu B. Ni kazi inayochosha, lakini inafanywa mara moja. Hesabu inayofuata utaongeza bidhaa mpya tu. Mstari wa kwanza uachie vichwa. Kwenye C2 weka fomula hii, kisha uivute mpaka chini:

```
=COUNTIF(Rafu!A:A,A2)+SUMIF(Stoo!A:A,A2,Stoo!B:B)
```

Maana yake: hesabu mara ngapi msimbo huu umesomwa rafuni, ongeza na idadi iliyoandikwa stoo.

Nimetenganisha rafu na stoo kwa sababu zinahesabiwa tofauti. Rafuni unasoma kila kipande kilichopo, pi, pi, pi, bila kuandika chochote. Stoo huwezi kufungua kila belo. Hapo unasoma msimbo wa kipande kimoja kwenye safu A, halafu unaandika kwa mkono idadi ya vipande kwenye safu B. Belo tatu za unga wa kilo mbili, kila moja ina pakiti 12, unaandika 36.

Katoni yenyewe ina msimbo wake. Si nisome huo?

Usiusome, na ukisomeka kwa bahati mbaya ufute. Katoni nyingi hubeba namba ya tarakimu 14, iliyo tofauti na ya kipande. Tuchukue namba ya mfano tu, ya sabuni: `6160001234560`. Zile 616 za mwanzo zinaonyesha kampuni imesajili namba zake Kenya, si lazima bidhaa iwe imetengenezwa hapa. Katoni ya sabuni hiyo inaweza kuandikwa `16160001234567`. Tarakimu moja imeongezwa mbele kuonyesha kiwango cha ufungashaji, zile 12 za kwanza za kipande zinafuata, na ya mwisho imebadilika kwa sababu ni tarakimu ya uhakiki, inayokokotolewa kutokana na zote zilizotangulia.

Kwa jedwali lako hizo ni bidhaa mbili zisizojuana. Katoni itahesabiwa kama kitu kimoja kisichokuwa na jina, na sabuni zote zilizomo ndani hazitaonekana kwenye jumla.

Nimemaliza, lakini idadi hailingani na ninachokiona. Pakiti zimeenda wapi?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wakifika hapa humlaumu kijana wa duka kabla ya kulitazama jedwali.

Chukua duka moja la Umoja. Mama mwenye duka alikuwa na sabuni 38 rafuni, alizihesabu kwa macho na kwa kidole. `Jumla` ikasema 35. Tulifungua ukurasa wa `Rafu` na kuweka fomula mbili kando ya namba, moja kwenye B2 na nyingine kwenye C2, tukazivuta mpaka chini:

```
=LEN(A2)
=COUNTIF(Jumla!A:A,A2)
```

Ya kwanza inasema msimbo una tarakimu ngapi. Ya pili inasema kama unajulikana kwenye orodha: 1 ni ndiyo, 0 ni hapana, na ukiona 2 ujue bidhaa imeorodheshwa mara mbili.

Tulipotafuta sifuri kwenye safu C, mistari miwili ilijitokeza. Wa kwanza ulikuwa `616001234560`, tarakimu 12. Ukiilinganisha na pakiti, sifuri moja ya katikati imedondoka. Wa pili ulikuwa na tarakimu 26: `61600012345606160001234560`. Hizo ni sabuni mbili zilizogandana kwa sababu `Enter` ya kwanza haikufika. Moja iliyodondosha tarakimu, mbili zilizogandana, jumla tatu. Ndizo zilizokuwa zimepotea, na zote zilikuwa pale pale rafuni.

Usidhani kila namba ya tarakimu 12 ni kosa. Bidhaa nyingi za kutoka Marekani zina tarakimu 12 kihalali, na vitu vidogo huwa na 8. Kinachokuambia kuna kosa ni ile 0 ya safu C. Ukiiona, chukua pakiti yenyewe usome namba zilizochapwa chini ya mistari. Ikiwa pakiti inakubaliana na jedwali, ni bidhaa uliyosahau kuiorodhesha. Isipokubaliana, skana au simu imedondosha kitu njiani.

Skana yenyewe husoma sawa karibu kila mara, kwa sababu ile tarakimu ya uhakiki inaifanya ikatae msimbo uliosomwa vibaya. Tarakimu hudondoka baada ya hapo, wakati skana inazimwaga haraka kuliko simu inavyoweza kuandika. Simu yenye programu nyingi wazi na nafasi iliyojaa inachelewa, na jedwali lenye fomula nyingi linaichelewesha zaidi. Kwa hiyo fomula za ukaguzi ziweke baada ya kuhesabu, si kabla. Kisha tafuta kwenye kijitabu sehemu ya `Keyboard delay` au `Transmission speed` na uchague mwendo wa polepole. Hutausikia mkononi, lakini tarakimu zitafika zote.

Mbona wakati mwingine inalia lakini namba haionekani kabisa?

Ikiachwa bila kutumiwa dakika kadhaa, skana hulala ili kuokoa chaji. Ukibonyeza inaamka, lakini muunganisho na simu huchukua muda kidogo kurudi. Ukisoma pakiti katika muda huo, mlio unasema msimbo umesomeka, haumaanishi umefika. Ukitoka kumhudumia mteja na kurudi, bonyeza kitufe kwanza bila kulenga kitu, ngojea mlio au taa ya kuunganika, kisha endelea, na utupie jicho simu kwa pakiti ya kwanza. Kijitabu kina misimbo ya kurefusha muda wa kulala. Nusu saa inafaa siku ya hesabu.

Umbali nao una mipaka. Boksi huandika mita 10, lakini ukuta wa mawe kati ya duka na stoo, friji ya soda na rafu za chuma hupunguza mita hizo sana. Tembea na simu. Kama haiwezekani, skana nyingi zina hali ya kuhifadhi, `Storage mode` au `Inventory mode`: inaweka namba kwenye kumbukumbu yake, halafu unarudi karibu na simu na kusoma msimbo wa `Upload data`, zinamwagika zote. Iweke kwenye mwendo wa polepole kabla ya kumwaga, na usisome msimbo wa kufuta kumbukumbu mpaka uone mistari kwenye jedwali ni mingi sawa na ulivyosoma.

Naweza kutumia simu ile ile ya till ya M-Pesa?

Nakusihi usifanye hivyo. Skana inaandika pale kishale kilipo. Ombi la kuweka namba ya siri likichomoza kwenye kioo katikati ya kusoma, tarakimu za sabuni zinaweza kuingia humo, na `Enter` ikafuata. Ujumbe wa WhatsApp ukifunguka, namba zitaenda huko. Tumia simu nyingine isiyo na laini, au angalau weka `Do Not Disturb` na mwache mwingine apokee malipo. Muda wa kioo kuzimika nao upeleke kwenye dakika 10 au zaidi, kwa sababu kioo kikifunga, kila unachokisoma kinapotea na skana inaendelea kulia kama kawaida.

Na sukari ninayopima robo kilo? Haina msimbo.

Bidhaa za kadogo hutengenezewa msimbo wako mwenyewe. Chagua jina fupi kama `SUK250`, ulitengenezee msimbopau wa aina ya `Code 128` kwa programu ya bure ya simu, na uchapishe kwenye saiba. Huna haja ya kubandika kila mfuko. Bandika karatasi moja kwenye ubao wa rafu, na ukifika hapo hesabu mifuko kwa mkono, soma msimbo ule mara moja kwenye ukurasa wa `Stoo`, andika idadi. Usibuni namba ya tarakimu 13 ukaibandika kwenye bidhaa. Siku moja itagongana na namba ya kampuni halisi. Saiba ikikupa chapa iliyofifia, au ndogo kuliko ile ya kwenye pakiti za kawaida, rudisha. Skana inahitaji mistari myeusi, na nafasi nyeupe pande zote mbili.

Pakiti inayong'aa inagoma kusomeka. Nifanyeje?

Inamisha skana kidogo ili mwanga usirudi moja kwa moja, na unyooshe mfuko kwa vidole. Ikiendelea kugoma, andika namba kwa mkono kwenye safu A, tarakimu zote 13, ugonge `Enter` mwenyewe. Kwa jedwali hakuna tofauti.

Duka linaendelea kuuza wakati nahesabu. Nisimamishe?

Ukiweza, hesabu kabla ya kufungua asubuhi, rafu moja kila siku badala ya duka zima usiku mmoja. Ukilazimika kuhesabu huku wateja wanaingia, weka chaki kwenye ubao wa kila rafu uliyoimaliza. Kinachouzwa kutoka rafu yenye chaki kiandikwe kwenye daftari pembeni na ukipunguze kwenye `Jumla` mwishoni. Kinachouzwa kutoka rafu isiyo na chaki hakihitaji kuandikwa, kwa sababu hakijahesabiwa bado. Mwambie hivyo anayeuza kabla hujaanza, na umwonyeshe chaki ilipo.